Kipimo Kinasema Una Mimba, Kizazi Hakina Kitu

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halina hata jina fupi katika lugha yetu. Madaktari huliita mimba ambayo mahali pake hapajajulikana. Maana yake ni kwamba kipimo cha mkojo au cha damu kinaonyesha mwanamke ni mjamzito, lakini akipimwa kwa altrasaundi mimba haionekani ndani ya kizazi, wala haionekani mahali pengine. Mama anatoka katika chumba kile na maneno mawili tu, "kizazi kitupu", na kila mtu nyumbani anayafasiri kwa namna yake. Mmoja anasema kipimo cha mkojo kilidanganya. Mwingine anasema mimba imekwisha kutoka. Wa tatu anatafuta mkono wa mtu. Wote wanakwenda mbio kuliko hospitali yenyewe, maana siku ile hata daktari bado hajui.

Nitawasimulia habari za mwenzetu mmoja, kwa ruhusa yake, bila kutaja jina lake wala mahali anapokaa. Ana umri wa miaka 31 na watoto wawili, mdogo akiwa na miaka mitatu. Siku zake zilichelewa, akanunua kipimo cha mkojo dukani na mistari miwili ikatokea wazi. Alifurahi, kwa sababu yeye na mumewe walikuwa wakiomba mtoto wa tatu. Siku chache baadaye akaona matone ya damu yenye rangi ya kahawia kwenye nguo ya ndani, na upande wa kulia wa tumbo ukawa unamvuta kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo kwa muda mrefu. Kwa hesabu yake, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho zilikuwa zimepita wiki tano na siku nne.

Hospitalini walimpima kwa altrasaundi ya njia ya uke. Hapa nisimame kidogo, maana akina mama wengi hushtuka wakisikia hivyo. Kile chombo chembamba kinachoingizwa ukeni hakimdhuru mtoto wala hakitoi mimba. Faida yake ni kwamba kinakaribia kizazi, kwa hiyo kinaona vitu vidogo wiki moja hivi kabla ya chombo kinachopitishwa juu ya tumbo. Ukiambiwa kizazi ni kitupu kwa kipimo cha juu ya tumbo peke yake, na mimba ina wiki tano, bado hujaambiwa mengi.

Majibu ya mwenzetu yalikuwa hivi: kizazi kina ukubwa wa kawaida, utando wake wa ndani ni mnene, hakuna kifuko cha mimba, hakuna uvimbe pembeni, hakuna damu iliyomwagika tumboni. Akaja kwangu na karatasi mkononi.

"Sista, wanasema hamna kitu," akaniambia. "Sasa ile mistari miwili ni ya nini?"

Ile mistari ilikuwa ya kweli. Kipimo cha mkojo hakitazami kizazi hata kidogo. Kinatafuta homoni ambayo chembechembe za mimba changa huanza kuitoa mara tu mimba inapojishikiza, popote pale ilipojishikiza. Mimba iliyo ndani ya kizazi huitoa. Iliyokwama katika mrija huitoa. Hata iliyokwisha kufa huacha homoni hiyo mwilini kwa siku kadhaa, na mara nyingine kwa wiki mbili tatu. Kwa hiyo mwanamke anayenunua kipimo cha mkojo kila asubuhi ili aone kama mstari umekolea anapoteza fedha zake tu. Kipimo kile kinasema ndiyo au hapana, na swali lililobaki ni wapi.

Mimba hiyo ambayo haionekani inaweza kuwa mojawapo ya mambo matatu. Ya kwanza, iko kizazini na ni nzima, ila ni changa mno kuonekana. Kifuko cha mimba huanza kuonekana kwa chombo cha ukeni kwenye wiki ya tano hivi, na moyo wa mtoto huonekana ukipiga kwenye wiki ya sita. Mama akikosea hesabu kwa siku saba tu, kizazi kitaonekana kitupu na hali kila kitu ni salama. Nasi tunajua hesabu hizi zinavyopotea: mama alikuwa ananyonyesha na hedhi haijatulia, au ameacha sindano ya uzazi wa mpango miezi michache iliyopita, au alichodhani ni hedhi kilikuwa matone tu. Ya pili, mimba ilianza lakini imeshindwa kuendelea na inaisha yenyewe. Hii ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi kuliko zote. Ya tatu, mimba imejishikiza nje ya kizazi, mara nyingi sana katika mrija, na bado ni ndogo kiasi kwamba chombo hakiioni. Hii ni ya wachache, lakini ndiyo inayoua, na kwa ajili yake hatuwezi kumwambia mama aende nyumbani akapumzike halafu tusimfuatilie.

Siku ya kwanza mambo haya matatu yanafanana kabisa. Matone ya damu yanaweza kuwapo katika yote matatu. Maumivu kidogo vilevile. Kinachoyatenganisha ni mwendo wa ile homoni, na mwendo hauonekani kwa kupima mara moja. Ndiyo sababu daktari alimtoa mwenzetu damu siku ile, akamwambia arudi baada ya saa 48 atolewe tena.

Damu ya kwanza ilitoa namba 620. Kwenye karatasi ya maabara homoni hii huandikwa hCG, na namba inayofuata ni uniti zake katika lita moja ya damu. Wengi wakiona namba wanataka kujua kama ni kubwa au ndogo kwa umri wa mimba. Namba moja haisemi hivyo, kwa sababu wanawake wawili wenye mimba nzima za umri uleule wanaweza kuachana sana. Kitu kimoja tu ile 620 ilitueleza: kwa kiasi hicho si ajabu kifuko kisionekane. Kwa kawaida mimba ya kizazini huanza kuonekana kwa chombo cha ukeni namba ikiwa kati ya 1,500 na 3,500. Namba ikipita 3,500 na kizazi bado ni kitupu, hapo daktari ana haki ya kuwa na mashaka makubwa. Chini ya hapo, kizazi kitupu kinaweza kuwa cha mama mwenye mtoto mzima.

Kwa sababu hiyo naomba mnisikilize vizuri juu ya kusafishwa kizazi. Wifi wa mwenzetu alimwambia kwamba damu imeonekana, mimba imetoka, aende akasafishwe asije akaoza tumboni. Kuna mahali walikuwa tayari kumsafisha jioni ileile kwa malipo. Tazameni lingetokea nini. Kama ile 620 ingekuwa mimba nzima iliyo changa, wangemwondoa mtoto aliye hai ambaye wiki moja baadaye angeonekana moyo wake ukipiga. Na kama mimba ilikuwa katika mrija, kusafisha kizazi kusingeigusa. Mama angerudi nyumbani akiamini mambo yamekwisha, huku mrija ukiendelea kutanuka. Daktari anaweza baadaye kuchukua nyama kidogo za ndani ya kizazi ili azichunguze, lakini hufanya hivyo namba zikiwa zimekwisha kuonyesha bila shaka kwamba mimba haiwezi kuwa nzima. Wakati huo haukuwa umefika.

Saa 48 ni ndefu kwa mtu anayesubiri. Mwenzetu aliruhusiwa kuzingojea nyumbani kwa sababu maumivu yake yalikuwa madogo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilikuwa sawa, hapakuwa na damu tumboni, na nyumba yake haikuwa mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Lingekosekana moja kati ya hayo, ingefaa alazwe. Ilitokea kwamba siku ya pili yake kulikuwa na harusi ukweni, safari ya saa saba kwa basi, na mama mkwe alikuwa anamtegemea jikoni. Nilimwita mume wake nikamweleza mbele yake: asisafiri, asilale peke yake nyumbani, na pawe na mtu mwenye gari au bodaboda anayejulikana hata usiku wa manane. Mume alielewa. Alimpigia mama yake simu mwenyewe, na nadhani hilo lilimsaidia mke wake kuliko dawa yoyote ya kutuliza.

Tulimweleza pia dalili za kutazama, nami naziandika hapa ili dada yeyote aliye katika hali hiyo azijue. Maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, hasa upande mmoja, ni ya kukimbilia hospitali. Kizunguzungu au kuzimia akisimama ni vivyo hivyo. Iko dalili moja ambayo watu huidharau, nayo ni maumivu ya ncha ya bega. Mwanamke hushangaa: shida iko tumboni, bega linahusikaje? Damu inapomwagika tumboni hupanda hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, ikakichokoza, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho inatokea shingoni pamoja na ile ya begani, kwa hiyo ubongo unasikia bega. Nyingine ni kujisikia kama anataka haja kubwa huku choo hakitoki, kwa sababu damu imekusanyika nyuma ya kizazi na kubana utumbo. Mama mwenye moja ya hizo asingoje saa 48 zitimie. Aende saa ileile, na aseme mlangoni kwamba ana mimba ambayo haijaonekana iko wapi. Hayo maneno yatamfanya aonwe haraka zaidi kuliko kusema "tumbo linauma". Wala asidanganywe na kutokwa damu kidogo ukeni, kwa maana damu ya mrija uliopasuka humwagikia ndani.

Siku ya tatu alirudi. Tulihakikisha damu inapelekwa maabara ileile na karibu saa ileile, kwa kuwa mashine za maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu moja, na hapo hesabu nzima inaharibika. Jibu lilikuwa 790.

Mume wake alifurahi. "Imepanda!" akasema. Na kweli ilikuwa imepanda. Lakini mimba nzima ya kizazini, namba yake ikianza chini ya 1,500, inatakiwa ipande angalau kwa nusu hivi katika saa 48, na nyingi hupanda zaidi ya hapo sana. Nusu ya 620 ni 310, kwa hiyo tulitazamia kuona 930 au zaidi. Ilikuwa imeongezeka 170 tu, ambayo ni kama robo. Mimba inayoisha yenyewe nayo ingeshuka, na mara nyingi ingeshuka chini ya nusu. Hii haikupanda vya kutosha wala haikushuka. Ilikuwa inajikokota, na namba inayojikokota ndiyo inayomfanya daktari afikirie mrija.

Kabla sijaendelea, niwape habari za wengine wawili niliowaona mwaka huohuo, msije mkadhani kila kizazi kitupu kinaishia pabaya. Mmoja alianza na 480, na baada ya saa 48 akawa na 1,050. Alikuwa ameacha sindano miezi minne iliyopita na tarehe zake hazikuwa na uhakika. Wiki moja baadaye kifuko kilionekana mahali pake, na sasa ana mtoto wa kike. Mwingine alianza na 340 ikashuka hadi 120, akatokwa damu kama ya hedhi nzito, na hakuhitaji dawa wala kusafishwa. Tulimpa kipimo cha mkojo akitumie baada ya siku 14. Kilikuwa na mstari mmoja. Kama kingekuwa bado na mistari miwili, angerudi hospitalini, kwa sababu mimba inayosemwa imekwisha na kipimo bado kinaikubali inahitaji kutafutwa tena.

Hata hivyo namba zina mipaka yake, na daktari mwangalifu haziamini peke yake. Kati ya mimba za mrija, karibu moja katika tano hupanda vizuri kama mimba nzima, na chache hushuka mwanzoni kama mimba inayoisha. Mrija unaweza kupasuka namba ikiwa ndogo, hata ikiwa inashuka. Kwa hiyo mwanamke mwenye namba nzuri na maumivu makali atibiwe kwa maumivu yake.

Mwenzetu alitolewa damu mara ya tatu baada ya saa nyingine 48. Ikawa 910. Wakampima tena kwa altrasaundi, na safari hii mtaalamu alichukua muda wake. Kizazi bado kilikuwa kitupu. Pembeni, upande wa kulia, palionekana uvimbe mdogo wa sentimeta mbili. Ovari ya upande ule nayo ilikuwa na uvimbe wa kawaida, ule unaobaki pale yai lilipotokea, na vitu hivi viwili huchanganywa mara nyingi. Mtaalamu alisukuma polepole kwa kile chombo, na uvimbe ule ukateleza mbali na ovari. Uvimbe wa ndani ya ovari ungekwenda pamoja nayo. Basi mahali pakajulikana: mimba ilikuwa katika mrija wa kulia. Haikuwa na mapigo ya moyo, na hapakuwa na damu tumboni.

Alilia sana, na ndipo akauliza swali ambalo najua wengi wenu mngeliuliza. "Sista, haiwezi kusogezwa ikaingizwa kizazini?" Haiwezi. Hakuna daktari mahali popote mwenye njia ya kuing'oa mimba katika mrija na kuipandikiza kizazini ikaishi. Mrija ni mwembamba, ukuta wake hauwezi kutanuka kama kizazi, na mimba iliyomo haiwezi kufika kuzaliwa. Ikiachwa ikakua, mrija unapasuka na mama anaweza kufa kwa kuvuja damu. Swali lake la pili alilisema kwa sauti ndogo, kama kutibiwa ni kutoa mimba. Daktari alimwonyesha karatasi zote tatu za namba na picha, akamweleza kwamba zile siku zote za kungoja zilikuwa kwa ajili hiyo, ili asije akampa dawa mwanamke ambaye bado kulikuwa na uwezekano wa mtoto mzima kizazini mwake. Sasa uwezekano huo haukuwapo. Aliomba dakika chache na mume wake, kisha wakakubali.

Ziko njia mbili kubwa. Moja ni upasuaji, na huo haungoji kama mrija umepasuka, kama maumivu ni makali, kama uvimbe ni mkubwa au una mapigo ya moyo. Nyingine ni sindano ya methotreksati, ambayo huzuia chembechembe zinazokua haraka zisigawanyike, na mwili huisharabu mimba polepole. Ni dawa inayotumika pia kwa saratani na kwa ugonjwa wa viungo, na mume wake alishtuka alipoisoma kwenye kichupa. Kwa saratani hutolewa mara nyingi na wakati mwingine kwa wingi zaidi. Hapa ilikuwa sindano moja. Kabla ya kuipata alipimwa wingi wa damu, ini na figo, na kundi la damu pia, kwa sababu mama mwenye damu hasi huenda akahitaji sindano nyingine ya kulinda mimba zijazo. Kipimo cha dawa hupigwa kwa urefu na uzito. Yeye, mwenye sentimeta 158 na kilo 60, alipewa miligramu 80 za msulini.

Tulimkataza jambo ambalo lilimshangaza: asimeze vidonge vya kuongeza damu ambavyo tunawapa wajawazito kliniki. Vidonge vile vina asidi ya foliki, na methotreksati hufanya kazi kwa kuizuia foliki hiyo, kwa hiyo mama anayevimeza anaipinga dawa yake mwenyewe. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kumnunulia kopo zima. Vilevile asitumie pombe, wala dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ila parasetamoli tu, wala asikutane na mumewe mpaka aruhusiwe. Kwa anayenyonyesha, aseme kabla ya sindano, kwa kuwa dawa hii haipatani na kunyonyesha.

Siku ya nne baada ya sindano namba yake ilikuwa 1,040. Alikuja ameikunja karatasi, amekata tamaa. Lakini kupanda kidogo siku ya nne ni jambo la kawaida, kwa kuwa chembechembe zinazokufa humwaga homoni iliyokuwamo. Namba inayotazamwa ni ya siku ya saba ikilinganishwa na ya siku ya nne, na inatakiwa iwe imeshuka kwa sehemu 15 katika mia au zaidi. Kwake ilikuwa 780, yaani ilishuka robo nzima. Isingeshuka hivyo, angehitaji sindano ya pili au upasuaji. Siku ya tano alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyomtia hofu, akaja usiku na mume wake, akapimwa, hapakuwa na damu iliyomwagika. Maumivu ya namna ile huja kwa wengi wiki ya kwanza, na alifanya vema kuja, kwa sababu mtu hawezi kuyatofautisha akiwa kitandani nyumbani.

Baada ya hapo alikuja kila wiki. Namba zilikwenda 410, 150, 46, 9, na wiki ya tano baada ya ile ya kwanza ikawa chini ya 5, ambayo ni sawa na asiye na mimba. Wengi huacha kuja namba ikifika chini ya mia, wakijisikia wazima na nauli imekwisha. Ni vigumu kuwalaumu, ila mrija unaweza kupasuka hata katika wiki hizo za mwisho, na hakuna njia ya kujua mambo yamekwisha isipokuwa namba kufika chini.

Mtauliza juu ya dada zetu walio mbali na mji. Kupima wingi wa homoni hii hakupatikani katika zahanati, wala katika vituo vingi vya afya. Hupatikana katika hospitali kubwa na maabara za mijini. Mwanamke aliye kijijini mwenye mistari miwili, damu au maumivu, na kizazi kitupu, apewe rufaa siku ileile, na ikiwezekana akae kwa ndugu aliye karibu na hospitali yenye upasuaji hadi jibu lipatikane. Damu yake haiwezi kupimwa pale kijijini, lakini dalili nilizoandika hapo juu zinaweza kutazamwa na mtu yeyote.

Mwenzetu alishauriwa angoje miezi mitatu tangu sindano kabla ya kutafuta mimba nyingine, ili dawa iwe imetoka kabisa mwilini na akiba ya foliki irudi. Ana mirija yote miwili. Aliyewahi kupata mimba ya mrija ana uwezekano wa kuipata tena, kama mmoja katika kumi, kwa hiyo mistari miwili ikitokea tena asingoje matone wala maumivu: aje apimwe kwa altrasaundi wiki ya sita, na aseme tangu mapokezi kilichompata safari iliyopita.